UZI: Kusafisha sura baada ya kuhariri picha kwa AI kunavyomgeuza mtu kuwa mwingine kimyakimya

PichaMakole (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni wa wenzangu wenye studio, na wa yeyote anayepeleka picha ya familia ikahaririwe kwa AI. Kuna hatua ya mwisho ambayo programu nyingi huiendesha zenyewe bila kukuuliza. Ukishatoa kitu au kubadilisha mandhari, picha inapitishwa kwenye modeli ya kusafisha sura, mara nyingi GFPGAN au CodeFormer. Macho yanang'aa, ngozi inatulia, mteja anafurahi. Lakini sura inayotoka inaweza kuwa si ya yule aliyepigwa picha, na wewe mhariri ukaipitisha kwa sababu hukuwahi kumwona mtu huyo.

Kisa kilichonifanya niandike ni hiki. Dada mmoja kutoka Kongwa alikuja na picha ya bibi yake ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Familia ilitaka kuichapa kubwa kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Picha nzuri waliyokuwa nayo ilikuwa ya kundi, imepigwa siku ya kipaimara cha mjukuu: watu wamesimama mbele ya nyumba, nyuma yao kuna pikipiki, na bibi yuko upande wa kulia anatabasamu. Walikuwa wameshaipeleka studio nyingine pikipiki ikaondolewa. Kazi ile ilifanyika vizuri, ukuta umejazwa huwezi kujua kulikuwa na kitu. Tatizo lilikuwa bibi. Shangazi yao mkubwa aliiangalia akasema, "Huyu mama ni mzuri, lakini mnaniambia ni nani?"

Nikamwomba yule dada picha ya asili kutoka kwenye simu iliyoipiga, si ile iliyozunguka WhatsApp. Nikaziweka mbili pamoja. Bibi alikuwa na ukungu mweupe kwenye jicho la kushoto, kovu la trakoma, ugonjwa ambao watu wa Kongwa wanaujua vizuri. Kwenye picha iliyohaririwa jicho lile lilikuwa jeusi, safi, na kimulimuli cha mwanga katikati. Alikuwa na alama ya duara kwenye paji la uso, ya zamani, kama walivyo nayo baadhi ya wazee wetu wa Kigogo. Imefutika. Meno ya chini ya mbele alikuwa ameng'olewa tangu ujana wake, na yaliyobaki yalikuwa na rangi ya kahawia. Yamerudi yote, meupe. Na mabawa ya pua yamebanwa kidogo, kiasi ambacho hukioni mpaka uwashe na kuzima picha moja juu ya nyingine.

Hakuna aliyeomba lolote kati ya hayo. Waliomba pikipiki itoke.

Nitaeleza hapo chini kwa nini inatokea. Wenye uzoefu karibuni.

---

kijana_wa_udom

Mkuu, hili linajulikana. Shida yao ni mpangilio tu. CodeFormer ina `-w`, inatoka 0 mpaka 1. Ukiweka ndogo picha inakuwa safi lakini sura inahama, ukiweka kubwa inabaki kwenye uaminifu. Wao wameacha chaguo-msingi, ambalo ni 0.5. Weka 1 maisha yaendelee. Halafu GFPGAN ilifundishwa kabisa kulinda utambulisho wa mtu, wametumia ArcFace, modeli ya kutambua nyuso, wakati wa mafunzo. Kwa hiyo lawama ni ya fundi, si ya modeli.

---

Mama Nyemo

Samahani kaka, mimi ninayo picha ya harusi nataka nyuma paonekane kama Nyerere Square usiku, na taa. Hiyo GFPGAN inaweza? Na bei yake ikoje?

---

PichaMakole

Dada Mama Nyemo, hiyo ni kazi nyingine, GFPGAN haibadilishi mandhari. Ila nakuomba uangalie jambo moja: programu utakayotumia kubadilisha mandhari huenda ikasafisha sura za maharusi bila kukuambia. Ukirudishiwa picha, anza na uso kabla ya taa.

Kijana wa UDOM, ulichosema kuhusu `-w` ni kweli, na GFPGAN kufundishwa kwa ArcFace ni kweli pia. Lakini uaminifu huo ni kwa nini? CodeFormer ikiwekwa kwenye 1 inajitahidi kuwa mwaminifu kwa picha iliyopewa. Haikupewa picha ya bibi. Ilipewa picha ya bibi iliyokwisha kuharibiwa na hatua ya kabla yake.

Twende na hesabu za picha yenyewe. Ile ya asili ina upana wa pikseli 1600. Kichwa cha bibi pamoja na kilemba ni kama pikseli 80. Uso peke yake, tuseme 60. Jicho moja, karibu 12. Modeli ya kuhariri ilifanya kazi kwenye upana wa 1024, kwa hiyo kila kitu kikapungua: kichwa kikawa pikseli 51, jicho likawa 8 hivi.

Sasa modeli za ukoo wa Stable Diffusion hazihariri pikseli moja kwa moja. Kwanza zinaibana picha, kila eneo la pikseli 8 kwa 8 linakuwa seli moja yenye namba chache. Kwenye SD 1.5 na SDXL ni namba nne kwa kila seli. Modeli inafanya kazi kwenye seli hizo, halafu inazifungua kuwa pikseli tena. Maana yake jicho zima la bibi, pamoja na ule ukungu, lilitoshea katika seli moja. Kichwa chake chote ni seli sita kwa upana. Na picha nzima inabanwa na kufunguliwa, hata sehemu ambazo hukuzigusa kwa maski, isipokuwa kama programu inarudisha pikseli za asili mwishoni. Nyingine zinarudisha, nyingine hazirudishi.

Nilirudia kazi ile hatua kwa hatua kwenye mashine yangu, nikihifadhi picha ya kila hatua. Baada ya kuondoa pikipiki, kabla ya kusafisha sura, jicho la kushoto la bibi lilikuwa doa la kijivu. Alama ya paji la uso ilikuwa imebaki kama kivuli. Mdomoni hujui kama kuna pengo au meno. Hapo bado alikuwa bibi, ila bibi aliyefifia.

Ndipo kisafisha sura kinapoingia. Kinatafuta sura, kinaweka alama tano, yaani macho mawili, ncha ya pua na pembe mbili za mdomo. Kinaunyoosha uso ulingane na kiolezo chake, kisha kinaukuza kuwa pikseli 512 kwa 512. Kichwa cha pikseli 51 kimekuzwa mara kumi kwa upana na mara kumi kwa urefu. Katika kila pikseli mia zinazotoka, ni moja tu iliyokuwapo. Tisini na tisa zinatoka kwenye kile ambacho modeli inajua kuhusu nyuso za watu kwa jumla.

Na doa la kijivu mahali pa jicho, kwa modeli ile, ni jicho la kawaida lililopigwa vibaya. Haina namna ya kujua kwamba ni ukungu wa trakoma. Inachora jicho la kawaida. Pengo lenye ukungu kati ya midomo linachorwa meno, kwa sababu kwenye picha ilizofundishiwa midomo inayotabasamu ina meno.

---

Mzee wa Bahi

Kijana wangu, nimekuelewa. Sasa mbona hatukugundua mapema? Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeona picha nyingi za msiba siku hizi zinang'aa kupita kiasi, lakini ukiziona unasema ni yeye.

---

PichaMakole

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo kiini cha jambo.

Hatugundui kwa sababu zile alama tano hazisogei. Macho yanabaki mahali pake, pua mahali pake, mdomo mahali pake, na uso uliosafishwa unabandikwa juu ya ule wa zamani kwenye nafasi ile ile. Rangi ya ngozi kwa kawaida inabaki karibu na ilivyokuwa. Kichwa kimeinama vile vile, kilemba ni kile kile, nguo ni ile ile. Mtu asiyemjua vizuri anatambua kwa vitu hivyo. Kinachobadilika ni vile vidogo ambavyo mtoto wake ndiye anavijua: mkunjo wa kope, upana wa mabawa ya pua, mpaka wa mdomo, makovu, mistari ya pembeni ya macho. Ndiyo maana shangazi alikataa na mhariri alikubali, na wote wawili walikuwa wanaangalia kwa uaminifu.

---

Dkt_Pikseli

Nimefanya kazi na modeli hizi kwa muda, naomba niongeze kwa PichaMakole na nimrekebishe kidogo kijana wa UDOM.

ArcFace kwenye mafunzo ya GFPGAN inafanya hivi. Wanachukua sura safi, wanaiharibu kwa makusudi kwa ukungu, kupunguza ukubwa, chembechembe na mbano wa JPEG, kisha modeli inajaribu kuirudisha. Matokeo yanalinganishwa na ile sura safi, ArcFace ikiwa mmoja wa waamuzi. Hilo linawezekana kwa sababu sura safi ipo. Siku unapoitumia studio, sura safi haimo ndani ya modeli. Hakuna mwamuzi tena. Iliyobaki ni tabia iliyojifunza, na ilijifunza kutoka FFHQ, picha 70,000 zilizotolewa Flickr. Kuna watu wa rangi na umri mbalimbali humo, lakini ni picha za watu wanaoweka picha zao Flickr. Bibi wa Kongwa mwenye kovu la trakoma na meno ya chini yaliyong'olewa si mtu ambaye modeli hiyo imemzoea.

Mnakumbuka Juni 2020, picha ya Obama iliyopunguzwa mpaka ikawa miraba ikapitishwa kwenye PULSE, akatoka mwanamume wa Kizungu? Ile haikuwa modeli ya kusafisha sura kama hizi, ilikuwa inatafuta tu sura yoyote ambayo ukiipunguza italingana na ile miraba. Lakini mzizi ni mmoja: pale taarifa inapokosekana, pengo hujazwa na kile kilichozoeleka. Tofauti ni kwamba Obama dunia nzima inamjua, kwa hiyo kosa lilionekana siku hiyo hiyo.

Na wenye GFPGAN hawakuficha. Kwenye maelezo yao ya matoleo, wameandika kwamba toleo la 1.2 ni kali zaidi na lina urembo kama wa vipodozi, toleo la 1.3 ni la asili zaidi lakini lina badiliko dogo la utambulisho, na la 1.4 lina utambulisho bora kidogo. Watu wanapakua bila kusoma.

CodeFormer ina utaratibu mwingine. Ina kamusi ya vipande 1,024 vya sura ilivyojifunza, na uso wowote unajengwa upya kwa vipande hivyo. `-w` inaamua ni kiasi gani cha taarifa ya picha yako kichanganywe wakati wa kujenga. Ukiweka 0, uso umejengwa kwa kamusi tupu. Ukiweka 1, picha yako inasikika zaidi, lakini mjenzi ni yule yule. Hakuna mpangilio wa kumwondoa.

---

kijana_wa_udom

Dkt, nakubali hilo la mwamuzi, sikuwa nimelifikiria. Lakini mimi niliwahi kufanya jaribio kwenye picha ya passport size, nikaweka `-w 1`, na sikuona tofauti yoyote.

---

Dkt_Pikseli

Na umesema kweli, ndugu. Passport size uso unajaza fremu. Ukiwa na uso wa pikseli 500 au 600, modeli haihitaji kubuni mengi, na `-w 1` inashika vizuri. Hatari inakua kadiri uso unavyopungua. Chini ya pikseli mia moja hivi mimi siruhusu kisafisha sura kiguse, ila hilo ni zoea langu, si sheria iliyoandikwa popote.

---

Binti_Mpwapwa

Basi mimi nisaidieni. Niliweka picha yangu kwenye programu moja ya simu ili nyuma pawe bluu kwa ajili ya maombi ya kazi. Uso umejaa fremu kama anavyosema Dkt. Nilipofika kwenye usaili mhusika aliitazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina mdogo wangu. Nina kidoti kikubwa karibu na pua, kwenye picha hakipo. Na mimi nina meno ya Singida, nimekulia huko, yana rangi. Kwenye picha ni meupe kama chaki. Ni hicho kisafisha sura?

---

PichaMakole

Pole dada. Inaweza isiwe. Programu za simu mara nyingi zina kitu cha pili, urembo: kulainisha ngozi, kufuta madoa, kung'arisha meno. Hicho kinafanya kazi hata kwenye uso mkubwa, na kinafuta kidoti kwa makusudi kwa sababu kinakihesabu ni doa. Kisafisha sura hakina nia ya kukuremba, kinabuni pale kisipoona. Kwa kuitazama tu picha ya mwisho ni vigumu kuvitofautisha, na vinaweza kuwa vimefanya kazi vyote viwili. Kidoti kikubwa kwenye uso mkubwa kikitoweka kabisa, mimi ningeshuku urembo kwanza. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya urembo, uizime, urudie.

Kwa picha ya kazi njia salama ni kukata umbo lako kwenye picha ya asili na kuweka rangi ya bluu nyuma. Hapo hakuna modeli inayogusa uso.

---

StudioSabasaba

Wakuu, mimi nina studio na nawaambia hali halisi. Mteja akiona uso una ukungu anasema sijafanya kazi. Akiona umeng'aa analipa. Kati ya wateja wote ni wachache mno wanaolalamika kwamba si yeye. Na kazi za msiba zinakuja saa nne usiku, bango linatakiwa asubuhi. Nani ana muda wa kulinganisha hatua kwa hatua?

---

PichaMakole

Kaka, presha hiyo naijua, na wote tunaishi kwa kazi hizi. Lakini picha ya msiba ndiyo watoto wataitazama ukutani miaka yote. Mjukuu aliyezaliwa jana atakua akiamini bibi yake alikuwa na macho yale. Hilo linanigusa mno kuliko lawama ya ukungu.

Na kwa kazi kama ile ya pikipiki, njia sahihi ina hatua chache kuliko ile mbaya. Uso haukuhitaji kuhaririwa. Pikseli zake za asili ziko mezani kwako. Kwa nini umwombe mgeni achore upya kitu ulicho nacho?

Nilifanya hivi. Nilikata kipande cha picha chenye pikipiki na ukuta tu, nikakihariri peke yake, nikakirudisha mahali pake. Kwenye AUTOMATIC1111 kuna chaguo la `Only masked` ambalo linafanya hivyo hivyo kwenye eneo la maski. Kichwa cha bibi hakikuingia kwenye modeli kabisa. `Restore faces` ilizimwa.

Kama umeshapokea picha iliyohaririwa na fundi mwingine, fungua zote mbili kwenye GIMP au Photopea kama tabaka mbili, ya asili juu. Weka maski nyeusi kwenye tabaka la juu, kisha kwa brashi laini nyeupe fichua uso wa asili. Hakikisha kwanza vipimo vinalingana, kwa sababu iliyopunguzwa hadi 1024 na kukuzwa tena inaweza kuwa imehama pikseli moja au mbili, na utaona kidevu kina kivuli. Rangi nayo huhama kidogo baada ya kubanwa na kufunguliwa. Sawazisha mwanga kabla ya kulainisha ukingo. Chembechembe za kamera zitakuwa zaidi usoni kuliko ukutani, basi ongeza chembechembe kidogo ukutani.

Bibi ametoka na ukungu wa jicho lake, alama yake na pengo lake la meno. Ni picha laini, haina ukali wa zile za siku hizi. Kwa hiyo haikuchapwa A3 walivyotaka, tumekwenda A5. Shangazi aliishika akakaa nayo.

---

Mzee wa Bahi

Sasa mimi nisiye fundi, nikiletewa picha iliyomalizika, nitajuaje sura imepitishwa huko?

---

PichaMakole

Mzee, angalia watu wa nyuma na wa pembeni. Kama nguo zao na kuta zina ukungu lakini kope zao zinahesabika, uso umechorwa upya. Tazama mpaka wa uso: sikio, ukingo wa kilemba, hereni. Mara nyingi uso ni mkali na sikio ni ukungu, au nakshi ya kilemba inakatika ghafla kwenye paji. Tazama macho, vimulimuli vya mwanga vinafanana mno kwa kila mtu, hata aliyesimama kivulini. Halafu muulize fundi akupe picha ya asili kwenye simu yako, uzitazame kwa kupishana haraka, moja baada ya nyingine. Jicho lako litaona kinachoruka.

Kwa wanaotumia CodeFormer kwenye kompyuta, usiishie kwenye matokeo ya mwisho:

```
python inference_codeformer.py -w 0.9 --input_path bibi/
```

Ndani ya folda ya matokeo kuna `cropped_faces` na `restored_faces`. Hizo ni sura zile zile kabla na baada, zimenyooshwa sawasawa. Kuzilinganisha hapo ni rahisi sana. Ila kumbuka, `cropped_faces` ni sura kabla ya kusafishwa, si kabla ya kuhaririwa. Kama uharibifu ulianza kwenye kuhariri, folda hiyo haitakuonyesha. Lazima urudi kwenye picha ya asili.

---

kijana_wa_udom

Kwa nini tusipime kwa namba? Tunachukua insightface, tunatoa namba ya kufanana, ikiwa chini ya kiwango tunaikataa. Inaondoa ubishi wa shangazi na fundi.

```python
import cv2
from insightface.app import FaceAnalysis
app = FaceAnalysis(name='buffalo_l')
app.prepare(ctx_id=-1, det_size=(640, 640))
a = app.get(cv2.imread('asili.png'))[0]
b = app.get(cv2.imread('mwisho.png'))[0]
print(float(a.normed_embedding @ b.normed_embedding))
```

---

Dkt_Pikseli

Kodi yako ni sahihi, na nimefurahi umelinganisha na picha ya asili, wengi hulinganisha na iliyohaririwa. Hakikisha kila faili lina sura moja tu, la sivyo `[0]` inaweza kuokota watu wawili tofauti kwenye faili mbili.

Lakini namba hiyo itakuonya kwa makosa makubwa tu. Modeli ile inauweka kila uso kwenye kipimo cha pikseli 112 kwa 112 kabla ya kuupima, na imefundishwa kupuuza mambo yanayobadilika kwa mtu yule yule, kama mwanga, miwani, tabasamu. Ukungu wa jicho na kidoti vinaweza kuangukia humo humo kwenye vinavyopuuzwa. Halafu, kama uso wa asili ni pikseli 60, namba ya asili yenyewe ni ya kubahatisha. Namba ikiwa chini, kataa picha. Ikiwa juu, bado mpelekee shangazi.

---

PichaMakole

Niliipima picha ya ile studio kwa njia hiyo hiyo. Namba ilikuwa nzuri, programu ingesema ni mtu mmoja. Jicho, alama na meno vyote vilikuwa vimebadilika.

---

Kondoa_Irangi

Nimefuatilia toka mwanzo. Mimi kesi yangu haina picha ya asili ya kurudia. Baba yangu ana picha moja tu maishani, imepigwa kijiji cha ujamaa miaka ya sabini, amesimama na wenzake, imechanika katikati na uso ni mdogo kama punje ya mtama. Mama yuko hai, anataka amwone. Nikiiacha kama ilivyo haoni kitu. Nikiisafisha, kwa mnavyosema, namletea mwanamume mwingine. Nifanye nini?

---

Dkt_Pikseli

Kwanza iskani upya kwa ubora wa juu, angalau 1200 kwa inchi kwa picha ndogo, usiipige kwa simu. Karatasi ya picha ya zamani mara nyingi ina taarifa zaidi ya ile picha iliyozunguka kwenye simu. Halafu ukuze bila kisafisha sura. Kwenye Real-ESRGAN maana yake usiweke `--face_enhance`. Mpasuko uzibwe kwa mkono au kwa kipande, uso usiguswe.

Kuna mbinu pia zinazopokea picha nyingine za mtu yule yule kama kielelezo, ili modeli ijaze kwa sura yake badala ya sura za watu wote. Zinasaidia, lakini baba yako hana picha nyingine, na picha ya kaka yake si kielelezo chake.

Baada ya hapo, kama mama bado haoni, mimi ningetengeneza ya pili iliyosafishwa, nikampa zote mbili na kumwambia ipi ni ipi. Ni mke wake. Ana haki ya kuamua.

---

PichaMakole

Dkt, hapo sikubaliani nawe. Mama ana umri, kumbukumbu yake ya uso wa mumewe ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho ni cha kweli kuliko picha. Ukimwonyesha uso mkali uliobuniwa, baada ya muda uso huo ndio atakaoukumbuka. Mimi ningempa ile yenye ukungu, kubwa, na kioo cha kukuzia.

---

Dkt_Pikseli

Nimekusikia. Lakini unamwamulia.

---

StudioSabasaba

Kondoa_Irangi, skana ya 1200 ninayo hapa, ile ya bapa ya kufunika kwa kifuniko. Ilete hiyo picha katikati ya karatasi mbili ngumu, usiikunje, na usiizibe kwa selotepu kabla hujaja, gundi yake inaondoka na rangi. Nitakuskania nikupe faili kabla sijagusa chochote. Ya kusafisha uso utaamua na mama.

---

Kondoa_Irangi

Asanteni sana wakuu. Nakuja mjini Alhamisi. Nyuma ya picha kuna maandishi ya penseli, majina ya waliosimama. Utaskani na upande huo?

---

StudioSabasaba

Ndiyo, pande zote mbili.